Kamisheni Iliyopunjwa, Mstari kwa Mstari

Malalamiko ya kamisheni hujibiwa haraka yakiandikwa kwa namba za ankara. Tuchukue wakala wa matangi ya maji jijini Mwanza. Mkataba unampa asilimia 5 ya mauzo kabla ya VAT, ambayo hapa ni asilimia 18. Taarifa ya mwezi inasema anadai shilingi 290,280. Anamwandikia meneja:

"Habari za kazi, bosi. Naomba tupitie taarifa pamoja.

Ankara ya 1: 2,360,000 pamoja na VAT. Ukigawa kwa 1.18 unapata 2,000,000, kamisheni 100,000. Taarifa: 96,760. Pungufu 3,240.

Ankara ya 2: 4,720,000. Bila VAT 4,000,000, kamisheni 200,000. Taarifa: 193,520. Pungufu 6,480.

Ankara ya 3: 1,180,000. Mteja alirudisha nusu ya matangi, yaliyobaki ni 500,000 bila VAT, kamisheni 25,000. Taarifa: sifuri.

Jumla sahihi 325,000, pungufu 34,720. Nimeambatanisha ankara na hati ya marejesho. Naomba irekebishwe kwenye malipo yajayo."

Kosa la mistari miwili ya kwanza limejificha vizuri. Mhasibu alikata asilimia 18 ya bei yote, ilhali kodi huongezwa juu ya bei ya msingi, kwa hiyo huondolewa kwa kugawa. Dalili yake ni pengo linalokua sambamba na ankara: ya pili ni maradufu ya kwanza, na pungufu pia. Mstari wa tatu ni tofauti. Mkataba ukisema kamisheni hufutwa marejesho yoyote yakitokea, dai hilo halisimami, hivyo wakala asome kipengele hicho kabla ya kutuma.