Muziki Usio na Do

Mwalimu wa kwaya, kabla hajainua mkono, huwapa waimbaji do. Huibonyeza kwenye kinanda au huivumisha tu mdomoni, na kila mmoja anajipanga kutoka hapo: soprano anaitafuta mi yake, besi anashuka kwenye sol ya chini. Wimbo utapanda, utazunguka, utachepuka kidogo, lakini mwishowe utarudi kwenye do. Usiporudi, hata yule aliyekaa kiti cha nyuma asiyejua nota moja atahisi kuwa haujaisha. Jaribu mwenyewe: imba do, re, mi, fa, sol, la, ti, kisha nyamaza. Koo lenyewe litadai do.

Sasa chukulia muziki ambao swali la kwanza la mwalimu, "Do ni ipi?", halina jibu. Si kwamba do imefichwa, haipo. Muziki huo hauandikiki hata kwa nota za do-re-mi za kwaya zetu, kwa sababu katika nota hizo kila sauti hupata jina lake kwa kupimwa na do. Muziki wa namna hiyo ulianza kutungwa Vienna, Austria, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na mpaka leo wapo wapenzi wa muziki wanaotoka ukumbini ukianza kupigwa.

Aliyeubeba lawama ni Arnold Schoenberg, aliyezaliwa Vienna mwaka 1874. Ujanani alikuwa karani wa benki, na utunzi alijifunza kwa sehemu kubwa peke yake. Watu humdhania kuwa mvunja mila. Mwenyewe alijiona mrithi wa Bach na Brahms, na jina la "muziki usio na ufunguo" alilichukia.

Ukiangalia yaliyomtangulia, utaona hakuwa anajikweza. Kwa miongo kadhaa watunzi wa Ulaya walikuwa wakiichelewesha do. Utamu wa muziki wao ulitoka katika kumtamanisha msikilizaji kufika, na kila kizazi kilitaka kumtamanisha zaidi ya kilichopita. Richard Wagner, katika opera yake Tristan na Isolde iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1865, alianza kwa sauti zinazouliza swali, na swali lile halipati jibu kamili mpaka mwisho wa opera, saa nne hivi baadaye. Njiani muziki unahama kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine, na sauti za nje ya ufunguo, ambazo zamani zilikuwa kiungo tu, zinakuwa ndiyo chakula chenyewe. Do iliyocheleweshwa kiasi hicho inabaki jina tu. Schoenberg aliona kwamba akiirudisha mwishoni mwa kazi zake, atakuwa anaiweka kwa mazoea, kwani hakuna kitu ndani ya muziki kilichoiomba.

Mwaka 1908 akaiacha. Katika kazi yake ya pili ya vyombo vinne vya nyuzi aliongeza mwimbaji wa kike, na katika sehemu ya mwisho hakuandika alama ya ufunguo wowote. Ilipopigwa Vienna Desemba mwaka huo, ukumbi ulijaa zogo la kuzomea na kucheka.

Zogo halikuwa tatizo lake kubwa. Tatizo lilikuwa la kiufundi. Ufunguo haukuwa pambo. Ndio uliokuwa ukimwambia mtunzi wapi kazi inaanza, inatoka, inahangaika na kutulia. Ukiuondoa, unajengaje kazi ya nusu saa bila kusambaratika? Kwa miaka kadhaa Schoenberg na wanafunzi wake wawili wakubwa, Alban Berg na Anton Webern, walikwepa swali hilo kwa njia mbili: ama waliegemea mashairi, maneno yakawa ndiyo uti wa mgongo, ama walitunga vipande vifupi mno. Vingine vya Webern havifiki dakika moja. Baada ya hapo Schoenberg akakaa karibu miaka kumi akitoa kazi chache sana.

Jibu alilolipata mwanzoni mwa miaka ya 1920 ndilo linaloitwa muziki wa sauti 12. Kwenye kinanda, kutoka do moja hadi do inayofuata kuna vitufe 12, saba vyeupe na vitano vyeusi. Mtunzi anazipanga sauti zote 12 katika safu anayoichagua yeye, kila moja mara moja, na kazi nzima inatokana na safu hiyo. Kusudi la sharti hilo ni jepesi kuelewa: sauti inayorudiwa kupita wenzake masikio huigeuza kuwa do, kwa hiyo hakuna inayopewa nafasi hiyo. Safu inaweza kupigwa kutoka mwisho kuja mwanzo, au kugeuzwa ili kila ilipopanda ishuke, au vyote viwili, na inaweza kuanzia kwenye sauti yoyote. Jumla yake ni sura 48 za safu ileile.

Wengi huishia hapo na kusema hii ni hesabu, si muziki. Lakini safu haisemi lolote kuhusu mwendo, ukali wa sauti, chombo gani kipige, wala wapi pawe kimya. Inampa mtunzi malighafi tu. Mtunzi hodari atajenga nyumba, na mzembe atatunga kazi iliyotimiza sharti zote na bado ikachosha. Zipo nyingi za namna hiyo, tusidanganyane.

Namna safu inavyofanya kazi inaonekana vizuri zaidi katika Konchato ya Fidla ya Berg, yaani kazi ya fidla moja na okestra, ya mwaka 1935. Mpiga fidla Louis Krasner wa Marekani ndiye aliyemwomba aitunge. Wakati huo Wanazi walikuwa wameshika Ujerumani, muziki wa Berg haukupigwa tena huko, na fedha zilikuwa zimempungua. Hata hivyo alisitasita, kwani alikuwa katikati ya opera yake Lulu. Aprili mwaka ule Manon Gropius, binti wa rafiki zake, alifariki kwa polio akiwa na miaka 18. Berg akaiweka opera kando, akaitunga konchato kwa kasi asiyoizoea, na kuitabaruku kwa kumbukumbu ya malaika.

Safu yake ni hii: G, B-flati, D, F-shapu, A, C, E, G-shapu, B, C-shapu, D-shapu, F. Tuisome kama wanakwaya. Sauti tatu za kwanza ni la-do-mi, ile hali ya huzuni tunayoifahamu. Anza tena kwenye ile D na upande tatu: sasa ni do-mi-sol, hali ya kuchangamka. Kutoka A ni la-do-mi tena, na kutoka E ni do-mi-sol. Yaani ndani ya mfumo uliobuniwa ili kuifuta do, Berg amepanga milango minne ya funguo za kale. Sauti zinazoanzisha kila mlango ni G, D, A na E, ambazo ni nyuzi nne za fidla zenyewe, na kazi inapoanza fidla inapita juu ya nyuzi hizo tupu taratibu, kama mpigaji anayejaribu chombo chake.

Halafu kuna sauti nne za mwisho wa safu, zinazopanda kwa hatua nzima nzima. Ziimbe fa, sol, la, ti, na utasimama palepale koo lilipodai do hapo juu. Berg aligundua kwamba hatua hizohizo ndizo zinazoanza wimbo mmoja wa kanisani, "Yatosha", ambao Bach aliutumia katika kantata yake ya 60 mwaka 1723. Pale zinaimbwa do, re, mi, kisha fe badala ya fa, mwanzo wa ajabu kwa wimbo wa kanisa, unaohusu mtu aliye tayari kufa. Kwa hiyo konchato inapofika sehemu yake ya mwisho, baada ya kilele chenye makelele ya kutisha, fidla inaanza wimbo ule. Muda mfupi baadaye klarineti nne tu zinaupokea kwa mpangilio karibu uleule wa Bach, laini kama kinanda cha kanisani, kabla okestra haijazirudia sauti zake ngeni. Wimbo wa karne ya 17 unatokea ndani ya muziki wa sauti 12 bila kubandikwa, kwa kuwa mbegu yake ilikuwa ndani ya safu tangu dakika ya kwanza.

Berg hakuisikia ikipigwa. Alifariki Desemba 24 mwaka uleule, na Krasner akaipiga kwa mara ya kwanza Barcelona, Aprili 1936.

Msikilizaji wa kawaida asihangaike kuisaka safu kwa masikio. Hata wanamuziki waliosomea hawaifuati sauti kwa sauti, na Schoenberg mwenyewe hakutaka watu wasikilize kwa kuhesabu. Kinachowashinda wengi ni kuingojea do: unasikiliza huku ukisubiri kitu kisichokuja, na kero ile unaiita ubaya wa muziki. Shika kitu kingine kinachorudi, kama mdundo, umbo la kupanda na kushuka, au chombo kimoja unachokifuata popote kiendako.

Zoezi zuri la kuanzia ni kipande cha pili katika vipande sita vidogo vya piano vya Schoenberg, opasi 19, alivyotunga mwaka 1911, kabla ya kubuni safu. Kina mistari tisa tu ya mapigo. Sauti mbili, G na B, zinagongwa pamoja kwa kukatakata tangu mwanzo, huku juu yake vikipita vipande vya wimbo vinavyoelekea kwingine kabisa. Sikiliza hizo sauti mbili peke yake. Zinakoma, zinarudi, na unaanza kujali zitarudi lini. Kisha kicheze tena, maana ni cha dakika moja hivi.

Kurudia huko lilikuwa wazo la Schoenberg. Mwaka 1918 alianzisha Vienna chama cha maonyesho ya faragha: kazi ngumu zilipigwa zaidi ya mara moja, makofi na kuzomea vilipigwa marufuku, waandishi wa uhakiki hawakuruhusiwa, na ratiba haikutangazwa ili mtu asije na hukumu yake mfukoni.

Kutoka kipande hicho nenda moja kwa moja kwa Berg, dakika 25 hivi, ukingojea zile klarineti. Ikikuvuta, ingia kwa Pierrot Lunaire ya Schoenberg ya mwaka 1912, ambamo mwimbaji anasema nusu na kuimba nusu. Kazi yake ya vyombo vitano vya kupuliza, opasi 26, iache kwanza: ni dakika 40 za sauti 12 zilizotimiza kila sharti, na kwangu mimi bado ni mzigo.