Shilingi 26 Ndani ya Kilo ya Mchele

Kenya inazalisha sehemu ndogo tu ya mchele inaoula. Mwingi hushushwa Mombasa kutoka Pakistan, Thailand na nchi nyingine za Asia, na kabla haujatoka bandarini hulipiwa ushuru wa forodha. Kiwango cha pamoja cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mchele ni asilimia 75 ya thamani ya mzigo, au dola 345 kwa tani, kile kitakachokuwa kikubwa. Kenya, kwa sababu hula mchele mwingi kuliko inaolima, kwa miaka mingi imekuwa ikiruhusiwa na wenzake kutoza kiwango cha chini: asilimia 35 au dola 200 kwa tani, vilevile kile kilicho kikubwa.

Chukua tani moja ya mchele wa kawaida unaofika Mombasa kwa dola 400, nauli ya meli na bima zikiwamo. Asilimia 35 yake ni dola 140. Lakini dola 200 ni kubwa kuliko 140, kwa hiyo mwagizaji atalipa 200. Tukihesabu dola moja kwa shilingi 130, mchele uliofika kwa shilingi 52 kwa kilo sasa umegharimu 78. Shilingi 26 zimeingia hapo kabla hata lori halijawasha injini.

Nani analipa hizo 26? Wanasiasa wengi hupenda kusema kwamba mgeni ndiye anayelipa. Inawezekana, ila kwa nchi kubwa. Mwaka 2023 India ilipozuia kuuza nje mchele mweupe usio basmati, bei ilipanda duniani kote, kwa kuwa India peke yake hushika takriban asilimia 40 ya biashara ya mchele kati ya nchi na nchi. Kenya haina uzito huo. Ikiagiza zaidi au ikiagiza kidogo, mfanyabiashara wa Karachi hashtuki. Atauza kwingine kwa bei ileile. Hiyo ndiyo maana ya uchumi mdogo ulio wazi: bei ya dunia unaikuta, huiwekei masharti. Ushuru wote basi hupandia juu ya bei hiyo na kuangukia ndani ya nchi.

Tutengeneze mfano wa kuhesabia, wenye tarakimu za kubuni lakini zisizo mbali na hali ya nchi kama Kenya. Bila ushuru, kwa shilingi 52, watu wananunua tani milioni 1 kwa mwaka, na wakulima wa ndani wanatoa 150,000. Zinazobaki, 850,000, zinatoka nje. Ushuru ukiingia na bei ikawa 78, baadhi ya walaji wanarudi kwenye ugali na manunuzi yanashuka hadi tani 900,000. Mkulima naye anaona inalipa kulima zaidi, anafikisha 200,000. Sasa zinaagizwa 700,000 tu.

Hasara ya mlaji wachumi huipima kwa kitu wanachokiita ziada ya mlaji, yaani tofauti kati ya bei ambayo mtu angekubali kutoa na ile aliyotoa kweli. Mama mwenye watoto wadogo wasiopenda ugali huenda angelipa hata 120 kwa kilo. Akiupata kwa 52, amebakiwa na 68. Ukiupandisha hadi 78, ziada yake inapungua kwa 26, ingawa bado ananunua. Jirani yake aliyekuwa radhi kutoa 70 hanunui tena. Yeye amepoteza 18 zake zote. Ukijumlisha akina mama wote na majirani wote, katika mfano wetu walaji wamepoteza shilingi bilioni 24.7 kwa mwaka.

Fedha hizo hazikuyeyuka zote. Bilioni 18.2 zimeingia hazina ya serikali: shilingi 26 kwa kila kilo ya zile tani 700,000. Bilioni 4.55 zimekwenda kwa wakulima wa ndani, ambao hawakulipishwa ushuru lakini wanauza kwa bei iliyobebwa nao. Ukitoa hizo mbili kwenye hasara ya walaji, inabaki bilioni 1.95 ambayo haikuingia mfuko wa mtu yeyote. Sehemu yake ni mbolea, maji na jasho lililotumika kuzalisha kwa gharama kubwa mchele ambao ungepatikana kwa 52. Sehemu nyingine ni sahani ambazo hazikuliwa.

Hapa watunga bajeti huteleza. Wakipandisha ushuru hadi dola 345 za Jumuiya, ambazo ni kama shilingi 45 kwa kilo, wanatarajia mapato yapande kwa uwiano uleule. Lakini mzigo unaoagizwa nao unapungua. Kwa mwendo wa mfano wetu, ushuru umeongezeka kwa asilimia 73, mapato kwa asilimia 46 hivi, huku ile hasara isiyo na mwenyewe ikiwa karibu mara tatu. Na hapo sijahesabu magendo, ambayo hunona kadiri pengo la bei linavyopanuka. Zanzibar imewahi kutoza mchele ushuru wa chini sana kuliko Tanzania Bara, na si siri kwamba magunia yalivuka bahari usiku.

Kuna jambo lingine ambalo kiwango hiki cha dola 200 hulificha. Mchele wa dola 400 hulipa nusu ya thamani yake. Basmati wa dola 800 hulipa asilimia 35 tu. Kwa hiyo anayekula mchele wa bei rahisi hutozwa kwa uwiano mkubwa kuliko anayekula wa kunukia, na sidhani kama kuna mbunge angethubutu kuupendekeza mpango huo kwa maneno hayo. Wakati huohuo, mkulima wa pishori pale Mwea hapati kinga yote tunayodhani, kwa sababu mnunuzi wa pishori haoni mchele wa dola 400 kuwa mbadala wake.

Bei zikipanda mno, serikali hutoa ruhusa ya kuingiza kiasi fulani bila ushuru. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2025 kwa tani 500,000, na wakulima wakakimbilia mahakamani. Wao huogopa bei kuporomoka, mlaji huitamani iporomoke. Je, huporomoka? Rudi kwenye mfano wetu wa tani 700,000 zinazoagizwa. Serikali ikisamehe ushuru kwa tani 200,000 tu, zile 500,000 zilizobaki bado zinalipiwa, na hakuna atakayezileta kama bei ya sokoni haifiki 78. Mwenye kibali ambaye mzigo wake umemgharimu 52 hana sababu ya kuuza kwa 60 ilhali mwenzake anauza kwa 78. Atauza kwa 78. Hazina imepoteza bilioni 5.2, mlaji hajapata kitu, na fedha zote zimeishia kwa waliopewa vibali.

Msamaha utashusha bei endapo tu kiasi kilichoruhusiwa kinatosha kufukuza sokoni mzigo wa mwisho unaolipiwa ushuru. Kuujua ni rahisi: wiki chache baada ya meli kushusha, nenda kaulize bei ya jumla ya gunia. Ikiwa haijasogea na bei ya dunia na ya dola hazijapanda, usimlaumu muuza duka. Uliza orodha ya vibali.