Salamu za Sikukuu na Kazi ya Mfasiri

Huko Mkongani, katika nchi ya Kwale, Wadigo, ambao wengi wao ni Waislamu, wana majirani Waduruma, na baadhi yao ni Wakristo. Sikukuu ya mmoja ifikapo, jirani yake hupenda kumpelekea salamu, na salamu hiyo huenda ikapita katika Kiarabu, Kidigo, Kiswahili na Kiingereza kabla ya kumfikia. Hapo ndipo makosa huingia. Salamu nyingi za sikukuu si maneno ya adabu peke yake, bali ni dua; na dua ina mwenye kuombwa, ina wenye kuombewa, na ina jambo linaloombwa. Mfasiri akipoteza moja katika hayo matatu, ile dua imekuwa nyingine.

Mfano mwema ni salamu ya Idi isemayo, “Takabala Allahu minna wa minkum.” Anayeombwa ni Mwenyezi Mungu. Wanaoombewa ni wote wawili, msemaji na mwenziwe. Kinachoombwa ni kukubaliwa kwa ibada, ijapokuwa neno “ibada” lenyewe halikutajwa. Basi karani akiandika, “Mungu awakubalie,” amemwondoa msemaji katika dua, na msomaji atadhani kwamba msemaji amejiona hana haja ya kuombewa. Akiandika, “Mungu atukubalie saumu zetu,” maneno yatafaa katika Idi al-Fitri, mwisho wa Ramadhani. Lakini salamu hiyo hiyo hutolewa pia katika Idi al-Haji, siku kama 70 baadaye, na ibada za siku ile ni hija na kuchinja. Aliyeongeza neno ili kufafanua ameibana salamu ya sikukuu mbili ikawa ya moja. Tafsiri iliyo salama ni hii: “Mwenyezi Mungu azikubali ibada zetu na zenu.”

Salamu nyingine, “Minal aidina wal faizina,” huwadanganya watu kwa namna ya pili. Wengi husikia neno “Idi” ndani yake, wakadhani maana yake ni “watu wa Idi.” Kumbe “aidina” ni wanaorejea, na “faizina” ni wanaofuzu. Tena sentensi si kamili, kwa maana mwanzo wake umeachwa: Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwao. Mfasiri asiyeurudisha mwanzo huo atatoa maneno yasiyo na kichwa.

Jina la Mungu lenyewe halina taabu kubwa katika pwani hii. Mdigo husema Mlungu, Mduruma husema Mulungu, na Mswahili husema Mungu. Ni neno moja la asili, nalo hutumiwa na watu wa dini zote mbili. Tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy, iliyotolewa mwaka 1969, humwita “Mwenyezi Mungu,” na Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 humwita “Mungu.” Taabu huanza katika maneno yanayoongezwa kando ya jina hilo. Muislamu anaposema “Rabana,” maana yake ni “Mola wetu.” Karani Mkristo akiandika “Baba yetu” kwa mazoea ya sala zake, amemtia mwenziwe katika imani asiyoikiri, kwa kuwa Muislamu hamwiti Mungu Baba. Vivyo hivyo, kadi ya Krismasi ikisema, “Mwokozi amezaliwa,” karani Muislamu asiigeuze kuwa, “Nabii Isa amezaliwa.” Huyo ameondoa neno lile ambalo kwa ajili yake kadi iliandikwa. Kazi ya mfasiri ni kupeleka imani ya mtoa salamu kama ilivyo. Hatakiwi kuikubali wala kuisahihisha.

Ziko pia salamu ambazo jibu lake ni ungamo la imani. “Tumsifu Yesu Kristo” hujibiwa na Wakatoliki, “Milele na milele, amina.” Ikitolewa peke yake katika baraza la watu wa dini mbili, Muislamu hubaki kimya, na kimya hicho hudhaniwa kuwa ni kiburi. Kama tangazo ni la watu wote, “Heri ya Krismasi” au “Idi njema” yatosha, kwa kuwa humtakia mtu heri bila kumdai jibu la imani.

Iko njia ya kuyajua makosa kabla ya karatasi kupigwa chapa. Mpe tafsiri mtu mwingine ambaye hakuyaona maneno ya asili, umwombe airudishe katika lugha ya kwanza. Kisha angalia mambo matatu: nani anaombwa, nani anaombewa, na nini kinaombwa. Moja likiwa limepotea au limeongezeka, rudi ukaandike upya. Baada ya hapo mwonyeshe mtu wa dini ile yenye sikukuu, kwa kuwa yeye ndiye atakayeisoma siku ile mbele ya jamaa zake.