Si Kila Swali Lisilojibiwa ni Kosa la Mtunzi

Tamthilia ikiisha bila kujibu swali fulani, watazamaji wengi husema mtunzi kateleza. Mimi napenda tuangalie kwanza kama hadithi imevunja kanuni iliyojiwekea yenyewe. Isipovunja, huenda hakuna kosa lolote.

Chukua Game of Thrones. Mwanzoni kabisa, mwaka 2011, Mfalme Robert anafika Winterfell baada ya kuwa njiani mwezi mzima, na misimu ya kwanza inatuzoesha kwamba nchi ile ni kubwa na safari huchosha. Kisha katika msimu wa 7, Jon Snow na wenzake wanazingirwa na wafu ng'ambo ya Ukuta. Gendry anakimbia hadi ngomeni, kunguru anapelekwa Dragonstone, mbali sana kusini, na Daenerys anawasili na majoka yake kuwaokoa. Jaribu kuziba tundu hilo. Ukisema walisubiri siku nyingi, itabidi ueleze walivyonusurika na baridi ile bila chakula. Ukisema ilikuwa muda mfupi tu, umbali tuliozoeshwa umefutika. Kila kiraka kinafungua tundu jingine, na hiyo ndiyo dalili ya kosa halisi.

The Leftovers, iliyorushwa kati ya 2014 na 2017, ni jambo tofauti kabisa. Asilimia 2 ya watu duniani wanatoweka ghafla, na hatuambiwi kwa nini hadi mwisho. Hilo ni fumbo lililoachwa wazi, lakini halipingani na chochote: wahusika wenyewe wanahangaika na swali hilohilo, wanaanzisha madhehebu, wanagombana. Hadithi inahusu maisha ya watu wasio na jibu, kwa hiyo jibu lingeiua.

Utata wa makusudi unakuja katika sehemu ya mwisho. Nora, aliyepoteza mume na watoto, anaingia kwenye mashine inayodaiwa kuwapeleka watu kwa waliotoweka. Kimiminika kinapanda hadi usoni, anafumbua kinywa kana kwamba anataka kupiga kelele, na picha inakatwa hapohapo. Miaka mingi baadaye anamsimulia Kevin kwamba alivuka, akawaona wanawe wakiwa na furaha, akarudi. Hatuonyeshwi hata picha moja ya safari hiyo; tunauona uso wake tu. Katika sehemu hiyohiyo mtawa mmoja anatetea hadithi isiyo ya kweli kuhusu njiwa kwa sababu inapendeza zaidi.

Angalia jinsi ushahidi ulivyopangwa. Kile kinywa kilichofumbuka kinaweza kuwa cha mtu anayeomba mashine isimamishwe, na maneno ya mtawa yanatuonya. Lakini Nora anasimulia bila kujikanyaga popote. Mtunzi aliyesahau hangeweka vidokezo pande zote mbili, wala hangekata picha katika sekunde ileile ambayo ingetupa jibu.