Maziwa ya Kopo: Maji, Kijiko na Saa

Mtoto mchanga hunyonya maziwa ya mama. Hayo hayapimwi, hayachemshwi wala hayachachi. Lakini wako watoto wasioyapata. Huyu mama yake alifariki wakati wa kujifungua. Yule mama yake ni mgonjwa, na mganga amesema asinyonyeshe. Watoto hao hupewa maziwa ya unga ya kopo, yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wachanga. Wewe mama unayenyonyesha usianze kopo kabla ya kuuliza kliniki.

Tuchukue mfano wa bibi mmoja anayeishi karibu na machimbo ya dhahabu, upande wa Geita. Analea mjukuu yatima. Mtoto ametimiza miezi 2 na ana uzito wa kilo 5. Kila asubuhi bibi huchemsha maji, hukoroga maziwa mengi na kuyatia katika chupa ya chai. Mtoto hunywa humo mpaka jioni. Kopo moja la gramu 400 humtosha wiki nzima. Mtoto anaharisha na uzito hauongezeki. Bibi anakwenda zahanati.

"Shikamoo, bibi," anasema muuguzi.

"Marahaba, mjukuu wangu. Maji nachemsha. Chombo naosha. Mbona mtoto anaharisha?"

Bibi hakosei kuchemsha maji. Makosa yake ni mawili: kipimo na saa. Tuyatazame pamoja na kazi nzima, hatua kwa hatua.

Maji

Kwanza tazama maji yanatoka wapi. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi zebaki. Wachimbaji hutumia zebaki kukamata dhahabu, nayo huingia katika maji ya pale wanapooshea mchanga. Basi usichote maji ya mtoto karibu na mahali hapo, na usichemshie maji yake katika chombo kilichowahi kushika zebaki. Shinyanga nako visima vingine vina floridi nyingi, nayo haiondoki kwa moto. Ukipata maji ya bomba yatokayo Ziwa Victoria, chagua hayo.

Chemsha maji lita 1 mpaka yatokote. Epua, funika, uyaache yapoe kidogo. Usipitishe nusu saa. Kwa nini? Kwa sababu unga wenyewe si safi kabisa. Kiwandani husafishwa, lakini vijidudu vichache vyaweza kubaki ndani ya kopo, hata kama halijafunguliwa. Maji yenye joto la nyuzi 70 au zaidi huviua. Maji ya uvuguvugu hayaviui, bali huvipa joto la kuzaliana. Lita 1 iliyofunikwa, ikitumiwa kabla ya nusu saa kwisha, bado ina joto la kutosha. Maji ya kikombe kimoja hupoa upesi zaidi. Kwa hiyo chemsha lita nzima, hata kama mtoto atakunywa kidogo. Maji yanayobaki mtu mzima atayanywa.

Kipimo

Nawa mikono kwa sabuni. Osha kikombe, kijiko na chombo cha kupimia kwa maji ya moto na sabuni, kisha vichemshe katika sufuria kwa dakika 10, vikiwa vimezama kabisa. Viache humo vimefunikwa mpaka utakapovitumia. Kikombe kidogo kilicho wazi ni bora kuliko chupa ya kunyonyea, maana pembe za chupa na chuchu yake hushika maziwa ya zamani, na ni vigumu kuyatoa.

Tia maji kwanza, kisha unga. Ukitanguliza unga, hutajua umetia maji kiasi gani. Tumia kijiko kilichomo ndani ya kopo hilo hilo, maana vijiko vya makopo mengine huwa na ukubwa tofauti. Jaza kijiko bila kushindilia, kisha kisawazishe kwa kisu safi. Soma maandishi ya kopo. Makopo mengi hutaka kijiko 1 kwa mililita 30 za maji.

Sasa turudi kwa bibi. Mtoto wa kilo 5 hunywa kama mililita 120 kila mara, mara 6 kwa siku. Mililita 120 ni vijiko 4. Mara 6 ni vijiko 24 kwa siku. Kijiko cha kopo lake huchukua gramu 4.5, hivyo kopo la gramu 400 lina vijiko kama 88. Gawa 88 kwa 24: kopo halitimizi siku 4. Kwa mwezi ni makopo 8 au 9.

Kopo la bibi lilidumu siku 7. Maana yake mtoto alipata karibu nusu ya chakula chake. Tumbo lilijaa maji, naye akawa na njaa. Bibi hakuwa mchoyo. Kopo ni ghali, akataka lidumu. Lakini siku za kopo hazidanganyi. Kopo likidumu kupita hesabu, mtoto anapunjwa.

Kuzidisha unga nako ni hatari. Maziwa mazito humkausha mtoto maji mwilini na kumfunga choo.

Ukimaliza kukoroga, tia kikombe katika beseni la maji baridi, maji yasifike ukingoni. Kisha dondosha tone upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako. Likiwa vuguvugu tu, mpe mtoto.

Saa

Kosa la pili la bibi ni chupa ya chai. Chupa hiyo huweka maziwa katika joto ambalo vijidudu hulipenda. Vichache vya asubuhi huwa vingi sana mchana. Tena maziwa hayo yaweza kuonekana mazuri, yasinuke wala kuchacha, kumbe yamekwisha haribika. Usingoje harufu. Fuata saa.

Maziwa yaliyokorogwa yatumike kabla ya saa 2 kupita. Yakikorogwa saa 12 asubuhi, ifikapo saa 2 asubuhi yamwagwe, au mtu mzima ayatie katika chai yake. Mtoto akinywa akabakiza, masalio yasiwekwe kwa ajili ya baadaye, maana mate yake yameingia humo.

Friji ikifanya kazi usiku na mchana bila kukatika, maziwa ambayo mtoto hajayagusa yaweza kukaa humo saa 24. Yapooze upesi kwanza, ndipo uyatie ndani. Friji ya soda ya dukani, inayofunguliwa kila mara, usiitegemee. Asiye na friji akoroge mapya kila mara.

Je, usiku bibi afanye nini? Chupa ya chai itamsaidia, lakini iwe na maji tu. Ajaze maji yanayotokota mpaka juu na kufunga. Unga ubaki ndani ya kopo. Mtoto akilia, apime maji, atie unga, apooze, ampe. Chupa isiyotunza joto isitumike kwa kazi hii.

Hatari

Mtoto akiharisha, macho yakididimia, utosi ukibonyea, au akikojoa mara chache, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Chukua na kopo, umweleze muuguzi lilifunguliwa lini.

Maswali

1. Kwa nini maji ya uvuguvugu hayafai kukorogea unga?
2. Mtoto anatumia vijiko 24 kwa siku. Kopo la vijiko 88 limedumu siku 7. Kuna kosa gani?
3. Maziwa yamekorogwa saa 8 mchana. Mwisho wa kuyatumia ni saa ngapi?
4. Katika kijiji chenu, ni maji yapi yasitumike kwa mtoto hata yakichemshwa?