Muulize Kilichomo Kabla Hajakata Vidonge

Ukiingia duka la dawa ukasema, "Nipe dawa ya mafua," mara nyingi muuzaji atachukua mkasi na kukukatia vidonge kadhaa. Mzuie kidogo umuulize: ndani yake kuna nini?

Vidonge vingi vya mafua ni mchanganyiko. Kuna parasetamoli ya homa na maumivu, dawa ya kukausha kamasi ya aina ya piritoni, na pengine ya kuzibua pua. Hakuna hata moja inayoua virusi vya mafua; zinakupunguzia adha tu mpaka mwili umalize kazi yake.

Hatari imejificha kwenye parasetamoli. Chukua mtu mzima anayemeza Panadol mbili mara tatu kwa siku, kila kidonge miligramu 500. Hiyo ni gramu 3, yuko salama. Jioni rafiki anamshauri aongeze kidonge cha mafua, naye anameza viwili mara tatu. Kama kila kimoja kina miligramu 500 za parasetamoli, amefikisha gramu 6, wakati kikomo cha siku ni gramu 4. Ini ndilo linaloumia, na siku ya kwanza huenda asihisi lolote.

Mwenye presha aseme mapema, kwa kuwa dawa ya kuzibua pua huweza kuipandisha. Dereva wa bodaboda aulize kama dawa inaleta usingizi. Piritoni inaleta. Mtoto tajiwe umri na uzito wake. Wa chini ya miaka miwili asinunuliwe dawa ya mafua bila kuonwa na daktari.

Sasa turudi kwenye mkasi. Tarehe ya mwisho hupigwa chapa upande mmoja tu wa karatasi ya vidonge, kwa hiyo kipande chako kinaweza kutoka bila tarehe. Omba uione kabla hakijakatwa. EXP 08/2027 maana yake dawa inatumika hadi mwisho wa Agosti 2027.

Kwa dawa ya maji, tarehe hiyo ni ya chupa ambayo haijafunguliwa. Ukishaifungua, muda hupungua, na kiasi gani hutegemea dawa yenyewe. Soma karatasi ya maelezo au muulize mfamasia, kisha andika siku uliyofungua kwenye lebo. Dawa ya unga ya antibayotiki iliyochanganywa na maji ndiyo fupi kuliko zote: nyingi hudumu siku 7 hadi 14 tu, na baadhi hutaka friji.

Dawa ya kikohozi ya kawaida haihitaji friji isipokuwa lebo iseme hivyo. Itafutie kabati lenye kivuli, mbali na jiko na mtoto. Asinywe mtu kwa mdomo wa chupa, maana mate huingiza vijidudu. Pima kwa kikombe kilichokuja nayo, kwani vijiko vya chai havilingani. Ikibadilika rangi au harufu, au mashapo yakigoma kuchanganyika hata baada ya kutikisa, irudishe dukani uulize namna ya kuitupa.