Gesi Ileile, Mwisho Uleule, Kazi Tofauti

Silinda ndefu ya chuma imesimama wima ndani ya tangi la maji yenye nyuzi 27 za Selsiasi, sawa na kelvini 300. Ndani yake mna gramu 28 za naitrojeni, ambazo wanakemia huziita moli moja, na juu ya gesi hiyo kuna pistoni inayoteleza bila kukwama wala kuvujisha. Eneo la pistoni ni sentimeta 100 za mraba. Juu yake umerundikwa mchanga wa kilo 900 na ushei. Mzigo huo, pamoja na hewa ya nje inayokandamiza kutoka juu, umeibana gesi hadi ikabaki na kimo cha sentimeta 25 tu, kwa presha ambayo ni mara 10 ya ile ya hewa inayotuzunguka. Si presha ya ajabu. Tangi la kompresa ya fundi wa matairi hukaribia hapo kila siku.

Mchanga ukiondolewa wote, pistoni itapanda hadi presha ya gesi ilingane na ya hewa ya nje, na itatulia kwenye kimo cha mita mbili na nusu. Maji ya tangi yatahakikisha kwamba gesi inamaliza safari ikiwa na nyuzi zilezile 27 ilizoanza nazo. Je, gesi imefanya kazi kiasi gani?

Swali hilo, lilivyoulizwa, haliwezi kujibiwa. Halijasema mchanga uliondolewa vipi.

Tuseme umesukumwa wote pembeni kwa mkupuo mmoja. Kuanzia hapo, kinachoizuia pistoni ni hewa ya nje peke yake, yenye presha ya takribani paskali 100,000, nayo haibadiliki pistoni iwe chini au juu. Pistoni inaruka, inapitiliza, inarudi, inacheza juu na chini, mwishowe inatulia. Katika fizikia kazi ni kani mara umbali, na kwa gesi hesabu hiyo inageuka kuwa presha ya nje mara ongezeko la ujazo:

W = P × (V2 − V1)

Ujazo umetoka lita 2.49 hadi lita 24.94, yaani umeongezeka kwa lita 22.45. Ukizidisha kwa paskali 100,000 unapata jouli 2,245. Wanafunzi wengi hukosea hapa kwa kutumia presha ya ndani, ile kubwa ya mwanzoni, kwa sababu ndiyo inayoonekana kusukuma. Lakini kazi iliyofanyika hupimwa kwa kile kilichosukumwa. Ndani kunaweza kuwa na presha mara 10 au mara 50. Kama nje kuna upinzani mdogo, kazi inayotoka ni ndogo.

Sasa turudi mwanzo, tuuondoe mchanga punje kwa punje. Kila punje inapotoka, pistoni inapanda kidogo sana na kusimama, na joto kutoka kwenye maji linapenya ndani kurudisha ule ubaridi mdogo uliojitokeza. Wakati wote presha ya nje na ya ndani zinakaribia kulingana, na zote mbili zinashuka pamoja. Pistoni inapofika kimo cha sentimeta 50, ujazo umekuwa maradufu na presha imebaki nusu. Kwa kuwa presha haitulii mahali pamoja, haiwezekani kuzidisha mara moja tu. Inabidi kujumlisha vipande vidogo vya kazi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Jumla hiyo ina fomula yake, inayotumia logariti asilia:

W = nRT ln(V2/V1)

Kwa moli moja kwenye kelvini 300, nRT ni jouli 2,494. Ujazo umeongezeka mara 10, na logariti asilia ya 10 ni 2.303. Kazi inakuwa jouli 5,743, zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya kwanza. Kati ya njia hizo mbili zimo nyingine chungu nzima. Ukiushusha mchanga kwa mafungu matatu, ili presha ya nje iwe mara 5, kisha mara 2, kisha ile ya kawaida, utapata jouli 3,990 hivi. Mafungu yakiongezeka, jibu linapanda kuelekea 5,743, wala halivuki hapo.

Tofauti ya jouli 3,498 imekwenda wapi? Jibu liko kwenye mchanga. Katika njia ya haraka mchanga wote ulimwagwa ukiwa kimo cha sentimeta 25, na gesi haikuinua hata punje. Jouli zote 2,245 ziliishia kuisukuma hewa ya nje ili kupata nafasi. Katika njia ya polepole kila punje iliachwa kwenye kimo ilikofikishwa, nyingi chini, chache juu kabisa. Kuuinua mchanga huo ndiko kulikochukua zile jouli 3,498, ambazo zingetosha kuupandisha mfuko wa saruji wa kilo 50 mita saba kwenda juu.

Mtu anaweza kudhani kwamba gesi iliyofanya kazi kubwa imechoka zaidi, kwamba imebaki na nishati pungufu ndani yake. Hapana. Badiliko la nishati ya ndani ni sifuri katika njia zote mbili.

Sababu ni namna wanafizikia wanavyoielezea gesi bora. Hiyo ni gesi ya kwenye karatasi, ambayo molekuli zake hazivutani wala hazisukumani isipokuwa zinapogongana. Nishati yake ya ndani ni ya mwendo wa molekuli tu, na kipimo cha mwendo huo ni halijoto. Molekuli zikikaribiana au zikitawanyika, mradi kasi yao ya wastani ni ileile, nishati ya ndani haijali. Safari yetu ilianza kwenye nyuzi 27 na kuishia kwenye nyuzi 27. Kwa hiyo kila jouli iliyotoka kama kazi imefidiwa na jouli iliyoingia kama joto kutoka kwenye maji: 2,245 kwa njia ya haraka, 5,743 kwa njia ya polepole. Ni kama stoo ya duka. Mwenye duka anaweza kuuza magunia mawili au matano. Akileta mengine idadi ileile, stoo haibadiliki, ingawa mauzo yametofautiana sana.

Wazo hilo lilijaribiwa zamani. Mwaka 1845 Mwingereza James Prescott Joule, ambaye jina lake ndilo lililopewa kipimo cha nishati, alichapisha matokeo ya jaribio lililotumia vyombo viwili vya shaba vilivyounganishwa kwa koki. Kimoja alikijaza hewa yenye presha ya karibu mara 22 ya kawaida, kingine akakitoa hewa. Akavizamisha vyote kwenye maji, akafungua koki. Hewa ilikimbilia upande mtupu bila kusukuma chochote, hivyo kazi ilikuwa sifuri, na kipimajoto chake hakikuonyesha badiliko lolote katika maji. Hakuna kazi, hakuna joto: nishati ya ndani haikubadilika ingawa ujazo uliongezeka.

Kipimo chake hakikuwa makini vya kutosha, maana maji na shaba ni vizito mno kupashwa au kupozwa na hewa kidogo. Majaribio aliyoyafanya baadaye na William Thomson katika miaka ya 1850, wakiipitisha hewa kwenye kizibo chenye vitundu, yalionyesha kwamba gesi halisi hupoa kidogo. Molekuli zake zinavutana, na kuzitenganisha kunagharimu. Kwa naitrojeni yetu gharama hiyo ni kama jouli 50, chini ya asilimia moja ya 5,743, kwa hiyo hesabu ya gesi bora inasimama. Haisimami kabisa kwa mtungi wa gesi ya kupikia. Humo kuna kimiminika kinachochemka na kuwa mvuke, na ubaridi unaoshikika ubavuni mwa mtungi jiko likiwaka muda mrefu unatokana na uvukizi.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba sifuri ile inatokana na presha ya nje kutobadilika. Inatokana na tangi la maji. Liondoe, uifunike silinda kwa kitu kisichopitisha joto, kisha mwaga mchanga wote kwa mkupuo. Hewa ya nje ni ileile na fomula ya kazi ni ileile, lakini sasa hakuna joto linaloingia, na gesi inalipia kazi kutoka mfukoni mwake. Kwa naitrojeni hesabu inatoa halijoto ya mwisho ya kelvini 223, yaani nyuzi 50 chini ya sifuri. Pistoni inaishia chini zaidi, kwenye mita 1.85, kazi ni jouli 1,603 tu, na nishati ya ndani imepungua kwa kiasi hichohicho. Anayetumia spana ya upepo gereji hulijua jambo hili kwa mkono wake: hewa inayotoka kwenye tundu la spana ni baridi, na ikiwa ina unyevunyevu, barafu inaweza kujijenga hapo.

Tena kuna maana nyingine ya presha isiyobadilika, inayowachanganya watu kwenye mitihani. Hapo presha ya gesi yenyewe ndiyo haibadiliki, kwa kuwa inapashwa moto huku pistoni ikipanda na mzigo uleule. Ukiipasha moli yetu kutoka kelvini 300 hadi 600 kwa namna hiyo, kazi ni jouli 2,494, nishati ya ndani inaongezeka kwa 6,236 na joto lililohitajika ni 8,730. Njia ya kutofautisha maswali haya ni kutazama halijoto ya mwanzo na ya mwisho kabla ya kugusa fomula yoyote. Na tahadhari ya alama: vitabu vingi vya kemia huihesabu kazi iliyofanywa na gesi kuwa hasi, vingi vya fizikia huihesabu kuwa chanya.

Kuirudisha gesi ilikotoka ndiko ghali. Irudishe silinda kwenye tangi lake, na pistoni ikiwa juu, ukiirundikia mchanga wote kwa mara moja, presha ya nje ni mara 10 katika safari nzima ya kushuka. Kazi unayoifanya ni jouli 22,448, wakati kuongeza punje kwa punje kungekugharimu zile 5,743 tu. Ziada yote inaingia kwenye maji kama joto. Hakuna kiwanda kinachoweza kusubiri punje, lakini watengenezaji wa kompresa kubwa hupunguza hasara kwa kuibana hewa kwa awamu mbili: silinda kubwa kwanza, kisha ndogo, na kati yake bomba lenye mapezi linalopozwa na feni ili hewa ipoe kabla haijabanwa tena.